Kusogeza saa hakuokoi stima vile mnaambiwa

"Nchi za nje husogeza saa mbele wakati wa joto wanaokoa stima kibao, Kenya pia tufanye, tuma kwa magrupu yote."

Tafadhali msifowadi hii. Chukua Indiana, Marekani: mpaka 2006 kaunti nyingi huko hazikuwa zinasogeza saa, mwaka huo zote zikaanza, so watafiti wakalinganisha bili za stima za nyumbani kabla na baada, wakapata matumizi yamepanda kama asilimia 1. Taa ziliwashwa kidogo kweli, lakini watu walifika nyumba jua bado kali wakawasha mashine za kupoza hewa, na hizo ndizo hula stima. Mkanganyiko uko hapo, wengi bado wanahesabu taa peke yake.

Halafu kuna usingizi. Saa ikisogezwa mbele watu hupoteza karibu dakika 40 usiku huo, na Marekani ajali za kuua barabarani hupanda kama asilimia 6 wiki hiyo.

Na Nairobi tungesogeza nini jamani? Angalia kwa simu jua linachomoza na kutua saa ngapi Juni, kisha Desemba: urefu wa mchana hautofautiani hata robo saa.