Ankara yako inasema ulipwe lini? Kisa cha fundi wa sare na masharti aliyoyaandika upya

Kila mwaka shule zikishafunguliwa Januari, dawati letu la ushauri kwa wafanyabiashara wadogo hupokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa mafundi cherehani. Sare zimeshonwa, watoto wamezivaa, fundi hajalipwa. Mwaka huu malalamiko yameongezeka, ndiyo maana tumeona tuandike. Wengi huja wakitaka tumpigie simu mkuu wa shule. Hatuna mamlaka hayo, na tunaomba lieleweke hivyo. Tunachofanya ni kuomba ankara tuisome, na mara nyingi tatizo limo humo humo.

Kisa nitakachoeleza ni cha fundi kijana wa Morogoro, ambaye ameridhia tukitumie. Nitamwita Rehema, ingawa si jina lake. Mwishoni mwa Novemba shule binafsi ya bweni ilimpa kazi ya pea 240 za sare, kila pea shati na sketi au suruali, kwa bei ya shilingi 32,000. Jumla ni shilingi 7,680,000. Kazi hiyo ilitolewa kwa simu na ujumbe wa sauti. Vipimo alivichukua mwenyewe bwenini.

Kitambaa, vifungo, zipu, uzi na gundi ya kola vilimgharimu shilingi 19,000 kwa pea, yaani 4,560,000 kwa kazi nzima. Wasaidizi wake wawili aliwaahidi 4,000 kwa pea. Kwa hesabu hiyo angebakiwa na 9,000 kwa kila pea, faida ya 2,160,000. Hakuomba kianzio, kwa kuwa aliona aibu kumdai mteja mkubwa kabla ya kumwonyesha kazi. Mwanzoni mwa Desemba akachukua mkopo wa kausha damu wa 3,000,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, na majora mengine akapewa kwa mkopo na duka la Kariakoo linalomfahamu.

Mzigo aliupeleka tarehe 4 Januari. Ankara aliyoambatanisha ilikuwa na jina lake, namba ya simu, idadi ya pea, jumla ya fedha na maneno haya: "Asante kwa kutuamini." Haikuwa na kitu kingine.

Katikati ya Februari shule ikatoa 2,000,000, ambazo ziliishia kwa wasaidizi na kwa mwenye duka. Salio lilikuja mwisho wa Machi. Kwa miezi minne Rehema alilipa riba ya 600,000 kila mwezi, jumla 2,400,000. Maana yake ni kwamba alishona pea 240 kwa hasara ya shilingi 240,000, na hajahesabu nauli wala umeme.

Watu husikia kisa hiki wakasema shule ilikuwa na nia mbaya. Nasisitiza kwamba sivyo, na dhana hiyo inawaumiza mafundi wenyewe kwa sababu inawafanya watafute huruma badala ya karatasi. Rehema alipokwenda kufuatilia mwezi Machi, mhasibu wa shule, mama mtu mzima, alimwonyesha faili lake.

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya ile hela yangu."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama. Hawa wa mchele wameandika tarehe ya kulipwa. Hawa wa gesi wameandika. Yako haina tarehe, sasa mimi niipange wapi?"

Kisha akamtolea jambo la pili, ambalo Rehema hakuwa amelisikia kabla. Sketi 11 zilikuwa fupi, na mlezi wa bweni aliandika barua kulalamika. Kwa sababu ya sketi hizo, ankara yote ya pea 240 iliwekwa kando "mpaka suala liishe". Hakuna aliyemjulisha fundi, na hakukuwa na sharti lolote lililomlazimu mtu kumjulisha. Jambo la tatu lilikuwa makabidhiano. Mzigo alipokea mlinzi, mtunza stoo hakusaini popote, na mhasibu hawezi kulipia mzigo ambao kwenye vitabu vyake haujaingia.

Mwezi Mei shule ileile ikamwita tena, safari hii pea 150 kwa bei ya 34,000, jumla 5,100,000, ziwe tayari shule zikifunguliwa Julai. Kabla hajakubali alikuja kwetu, tukakaa naye kuandika masharti upya. Hapa naomba msomaji awe makini, maana ndipo wengi wanapokosea.

Sharti linaloandikwa kwenye ankara baada ya mzigo kufika halimfungi mteja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano, na makubaliano huwa kabla ya kazi. Fundi akiandika faini kwenye ankara anayoiwasilisha siku ya kukabidhi, hilo ni ombi lake tu. Kwa hiyo masharti ya Rehema yaliwekwa kwanza kwenye profoma, yaani ankara ya awali inayotolewa kabla ya kazi, mteja akasaini na kugonga muhuri, halafu ankara ikayarudia neno kwa neno na kutaja namba ya profoma ile. Tumeeleza jambo hili kwa mafundi wengi, na bado kila wiki tunaletewa ankara zenye masharti makali yasiyo na saini ya mtu yeyote.

Masharti yenyewe yalisomeka hivi:

"Malipo ni kwa awamu tatu. Asilimia 60, shilingi 3,060,000, italipwa kabla ya kitambaa kukatwa. Siku za kazi zitahesabiwa kuanzia siku fedha hizi zitakapoingia. Asilimia 30, shilingi 1,530,000, italipwa siku ya makabidhiano, 4 Julai 2025. Asilimia 10, shilingi 510,000, italipwa ifikapo 11 Julai 2025. Kasoro zitaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 5 tangu kupokea mzigo. Mteja anaweza kuzuia bei ya nguo zenye kasoro pekee. Malipo yatakayochelewa yataongezwa asilimia 2 kwa mwezi. Mzigo utapokelewa na mtunza stoo, atakayeandika jina, idadi na tarehe, na kusaini."

Asilimia 60 haikutolewa hewani. Vifaa vya sare hizi vilikuwa 20,000 kwa pea, sawa na 3,000,000 kwa pea 150, na kianzio kiliwekwa juu kidogo ya hapo ili fundi asiingie kwenye mkopo kwa sababu ya mteja. Mafundi wengi huomba nusu kwa mazoea. Piga hesabu ya vifaa kwanza. Kazi ambayo mteja analeta kitambaa mwenyewe haihitaji kianzio kikubwa hivyo, na ukikidai atakuona huaminiki.

Tarehe imeandikwa kwa siku, mwezi na mwaka kwa makusudi. Ukiandika "ndani ya siku 30", mhasibu anahesabu tangu alipoipokea ankara mezani kwake, mkuu wa shule anahesabu tangu alipoidhinisha, na wewe unahesabu tangu ulipokabidhi. Tarehe ya kalenda haina mjadala, na ndiyo inayokuingiza kwenye orodha ya malipo ya wiki husika.

Kuhusu asilimia 2 ya ucheleweshaji, tunapokea maswali mengi kuliko inavyostahili. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba mkataba ukivunjwa, na ndani yake kulikuwa na kiasi kilichotajwa kama fidia au adhabu, aliyeumizwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho. Yaani kiasi ulichoandika ni kikomo. Mahakama inaweza kukupa pungufu ya hapo, haiwezi kukupa zaidi. Anayeandika "faini asilimia 10 kwa siku" hajajilinda hata kidogo, bali ameandika kitu ambacho mteja makini atakataa kukisaini na mahakama haitakitekeleza kilivyo. Kwa salio la 1,530,000, asilimia 2 ni shilingi 30,600 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo, lakini mhasibu lazima amweleze mkuu wake kwa nini kimelipwa, na hilo linatosha kumfanya asogeze ankara yako mbele.

Mhasibu hakuyapokea masharti haya bila kuuliza. Alitaka kujua shule itajilinda vipi ikitoa 3,060,000 halafu fundi asionekane. Hoja hiyo ni ya haki, na fundi asiikasirikie. Rehema alikubali kupeleka risiti ya kitambaa ndani ya siku 3 baada ya kupokea kianzio, na kukabidhi mzigo kwa mafungu mawili. Hilo likaongezwa kwenye profoma, pande zote zikasaini.

Kianzio kiliingia mwanzoni mwa Juni. Siku ya makabidhiano mtunza stoo alihesabu nguo moja moja, akakuta suruali 4 zenye zipu mbovu, akaziandika kwenye hati na kusaini nyingine zote. Zipu zilibadilishwa kesho yake. Asilimia 30 ililipwa siku mbili baada ya makabidhiano. Asilimia 10 ilichelewa kidogo, na Rehema akaamua kutodai nyongeza. Hiyo ni hiari ya anayedai.

Wapo wanaouliza kama fundi anaweza kukataa kuachia mzigo mpaka alipwe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa muuzaji ambaye hajalipwa, na bado anao mzigo mikononi, haki ya kuushikilia, isipokuwa alishakubali kuuza kwa mkopo. Ukishaachia mzigo, haki hiyo imekwisha. Kwenda bwenini kuvua watoto sare ni kosa, na tumewahi kusikia vitisho vya namna hiyo. Tafadhali msifanye.

Kwa wale ambao mzigo umeshakwenda na ankara haina tarehe, andikeni barua ya madai yenye kiasi, tarehe ya makabidhiano na siku 14 za kulipa, na aliyeipokea asaini nakala yenu. Mteja akisema hana fedha zote, msiishie kwenye ahadi ya mdomo. Mwombeni barua ya kukiri deni yenye ratiba ya malipo kwa tarehe. Barua hiyo huanzisha upya hesabu ya miaka 6 ambayo Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa kwa madai ya mkataba. Ikishindikana, deni la fedha lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Nendeni na profoma, hati ya makabidhiano, ankara na barua ya madai. Meseji za WhatsApp zichapishwe zikionyesha namba na tarehe, na simu yenyewe iletwe siku hiyo. Hazikataliwi kwa sababu tu ni za kielektroniki, lakini ujumbe wa sauti usemao "nitakulipa tu dada" hautaji kiasi wala tarehe, na hakimu atawauliza vyote viwili.