Kumfundisha Mwanafunzi Kutoa Maoni Kuhusu Insha ya Mwenzake

Mwalimu anapowaambia wanafunzi wa Gredi ya 6 wabadilishane madaftari na kutathminiana, mara nyingi atakuta "kazi nzuri" chini ya insha ya rafiki na "hati mbaya" chini ya insha ya yule asiyependwa. Hapo watoto wanaiga tu yale ambayo sisi walimu tumewaandikia kwa kalamu nyekundu tangu walipoanza shule. Kwa hiyo, katika mafunzo ninayowapa walimu wa Kiswahili wa shule za msingi hapa Nairobi, hatuanzi na madaftari ya wanafunzi. Tunaanza na insha isiyo na mwenyewe.

Insha hiyo huiandika mwalimu, naye huitia kasoro kwa makusudi: "Soko la Gikomba ni kubwa. Lina watu wengi. Kuna vitu vingi na kelele nyingi. Mimi hulipenda sana." Akishaiandika ubaoni, huwapa wanafunzi vigezo viwili tu. Cha kwanza, insha iwe na maelezo yanayomwezesha msomaji kuona, kusikia au kunusa kinachosimuliwa. Cha pili, kila aya ishughulikie jambo moja. Sarufi na tahajia huziweka kando, kwa sababu watoto huyakimbilia makosa hayo wakaliacha wazo, na wakati mwingine huharibu kilichokuwa sahihi. Nimeona "machungwa yamepangwa" ikikatwa na kuandikwa "zimepangwa" na mtoto asiyekuwa na shaka hata chembe. Upatanisho wa kisarufi na ubaki mikononi mwa mwalimu.

Baada ya vigezo huja vianzio vya sentensi, navyo vitatu vinatosha: "Nimeweza kuona au kusikia … pale ulipoandika …", "Mimi kama msomaji ningependa kujua … kwa sababu …", na "Jaribu kuongeza … baada ya sentensi isemayo …". Vyote vinamlazimu mtoa maoni anukuu au aonyeshe mahali fulani katika insha. Cha pili kina faida nyingine: kinamweka msomaji mbele na kusema alichokikosa, badala ya kumhukumu mwandishi. Mtoto anayeanza na "wewe hujui" hana pa kufika ila kwenye tusi, lakini anayeanza na "ningependa kujua" hujikuta ameuliza swali ambalo mwenzake anaweza kulijibu.

Kipindi kizima cha dakika 35 hutumika kuishughulikia insha ya ubaoni. Mwalimu huwaza kwa sauti ili darasa limsikie akitafuta maneno, kisha wanafunzi hujaribu wawiliwawili. Mara nyingi mtu ataandika, "Mimi kama msomaji ningependa kujua mengi kwa sababu insha ni nzuri." Kianzio kimetumika, ila hakuna kilichosemwa. Hapo mwalimu huuliza: maoni haya yakibandikwa kwenye insha ya mtu mwingine, yatafaa vilevile? Yakifaa, yanarudiwa. Toleo lililorudiwa huwa karibu na hili: "Ningependa kujua kelele hizo ni za nani, kwa sababu sijui kama ni wauza mitumba wanaotaja bei au mafundi wanaogonga mabati." Mwalimu huirekebisha sentensi ya insha inayotaja kelele papo hapo ubaoni: "Wauza mitumba wanaita 'mia, mia', huku nyundo za mafundi zikigonga mabati." Ni lazima watoto waone maoni yakizaa sentensi mpya, la sivyo watayachukulia kuwa adabu tu. (Wakizungumza kwa Sheng wakati wa kujadiliana, mimi huwaacha, Kiswahili sanifu kinahitajika kwenye karatasi.)

Madaftari yao wenyewe huingia katika kipindi kinachofuata, bila alama wala viwango vya umilisi. Utafiti aliouchapisha Ruth Butler mwaka 1988 ulionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa maoni pamoja na alama. Rafiki akimpa rafiki alama, hali huwa mbaya zaidi, kwa maana mjadala wote huhamia kwenye urafiki. Katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya hamsini, jirani wa dawati anatosha kuwa mwenza, isipokuwa pale mmoja anapotatizika kusoma. Hapo mwandishi humsomea mwenzake insha kwa sauti, naye mwenzake akatoa maoni kwa mdomo.

Mwandishi halazimiki kukubali kila aliloambiwa. Anachotakiwa ni kuandika mstari mmoja chini ya maoni, akieleza alichobadilisha au sababu ya kutobadilisha, na mwalimu asiye na muda wa kusoma kila kitu asome mistari hiyo kwanza. Ikiwa wengi wameandika "asante" na nakala ya pili haitofautiani na ya kwanza, darasa lirudishwe kwenye insha ya ubaoni, safari hii likiwa na kigezo kimoja.