Seva ya nne inapopunguza uhakika: hesabu ya akidi kati ya Kigoma na Tabora

Mfanyabiashara mmoja wa mawese hapa Kigoma, ambaye namtunzia mfumo wa mauzo, aliniuliza swali ambalo nimeshalisikia kwa wengi. Ana seva mbili Kigoma na moja Tabora, na kila rekodi yake ina nakala tatu. "Fundi, nikinunua ya nne nikaiweka Tabora, si tutakuwa salama zaidi? Mbili huku, mbili kule." Nilimjibu kwamba ikitumika kubeba nakala ya nne, kwa jinsi mfumo wake unavyosoma na kuandika, duka litasimama mara nyingi zaidi kuliko sasa. Hakuniamini mpaka tulipokaa na kalamu.

Hifadhidata yake ni Cassandra, iliyorithi namna ya kutunza nakala kutoka Dynamo, mfumo ambao wahandisi wa Amazon waliueleza hadharani mwaka 2007. Unachagua namba tatu. N ni idadi ya nakala za kila rekodi. W ni idadi ya nakala ambazo lazima zithibitishe kupokea kabla muuzaji hajaambiwa "imehifadhiwa". R ni idadi ya nakala ambazo lazima zijibu kabla hajaonyeshwa jibu. Ikiwa R + W inazidi N, kundi la nakala zinazosomwa na kundi la nakala zilizoandikwa hayawezi kukosa angalau seva moja ya pamoja, na seva hiyo ndiyo inayobeba thamani mpya. Kwa N = 3 watu wengi huweka W = 2 na R = 2. Mbili na mbili ni nne, nne inazidi tatu.

Cassandra ukiiambia `QUORUM`, yaani akidi ya zaidi ya nusu ya nakala, yenyewe inagawa N kwa mbili, inatupa nusu inayobaki, kisha inaongeza moja. Kwa N = 3 akidi ni 2. Kwa N = 4 akidi ni 3. Shida nzima imelala hapo: ukiwa na tatu unaweza kupoteza seva moja ukaendelea kufanya kazi, na ukiwa na nne bado unaweza kupoteza moja tu. Umeongeza mashine inayoweza kuzimika, lakini hujaongeza hata chembe ya uvumilivu.

Tulipiga hesabu. Tuseme kila seva, pamoja na umeme na mtandao wake, iko hewani asilimia 95 ya muda, na kila moja inazimika kwa sababu zake. Uwezekano wa kupata angalau mbili kati ya tatu ni asilimia 99.3 hivi, yaani kama saa 64 za kusimama kwa mwaka. Uwezekano wa kupata angalau tatu kati ya nne ni asilimia 98.6, sawa na saa 123 hivi. Karibu mara mbili! Ukifika nakala tano, akidi inabaki 3, unaweza kupoteza mbili, na muda wa kusimama unashuka hadi saa 10 hivi. Ndiyo maana naona idadi shufwa haifai kwa anayetegemea akidi. Nakala ya nne inakulinda zaidi usipoteze data diski zikifa, hilo sikatai, ila haifanyi duka libaki wazi.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inadhani seva zinazimika moja moja. Kwetu tatizo kubwa zaidi ni mkongo kukatika kati ya Kigoma na Tabora. Hapo seva zote zinakuwa nzima, ila upande mmoja hausikii mwingine. Mpangilio wake wa sasa ni huu:

```
CREATE KEYSPACE mauzo WITH replication = {
  'class': 'NetworkTopologyStrategy',
  'kigoma': 2, 'tabora': 1 };
```

Mkongo ukikatika, Kigoma ina nakala mbili kati ya tatu, kwa hiyo inaendelea kuuza, kusoma na kubadili bei. Tabora ina moja, haifikishi akidi, na wauzaji wa kule wanapata `UnavailableException`. Inaudhi, lakini hakuna anayeuza kwa bei iliyopitwa na wakati. Ukiweka mbili na mbili, akidi ni tatu na hakuna upande wenye tatu. Kigoma inasimama na Tabora inasimama, huku seva zote nne zinawaka taa za kijani.

Akaniuliza, sasa kwa nini tusibaki na nne ila W iwe 2 na R iwe 2? Kila upande utajitosheleza. Ni kweli utajitosheleza, lakini mbili na mbili ni nne, haizidi nne. Tuseme saa nne asubuhi mkongo umekatika. Saa tano bosi yuko Kigoma anapandisha dumu la lita 20 kutoka 62,000 hadi 65,000. Seva mbili za Kigoma zinathibitisha, simu yake inasema imehifadhiwa. Tabora wanasoma kutoka seva zao mbili, wanaona 62,000, wanauza mchana kutwa. Mbaya zaidi, saa saba msimamizi wa Tabora anashusha hadi 60,000, na yeye anaambiwa imehifadhiwa. Mkongo ukirudi, Cassandra inalinganisha muhuri wa muda wa kila thamani na kubakiza wa karibuni. 65,000 ya bosi inafutika kimya kimya, bila kosa lolote kwenye logi. Saa ya mashine inayoweka muhuri huo Tabora ikiwa mbele, basi hata andiko lililotangulia linaweza kushinda.

Hapo ndipo uamuzi ulipo, na ni wa mwenye biashara, si wa fundi. Bei na ruhusa ya mkopo ya mteja nataka zipitie akidi, afadhali Tabora isubiri. Picha za bidhaa na anwani za wateja zinaweza kusomwa kwa `ONE`, maana kuona anwani ya jana hakumuumizi mtu. Cassandra inakuruhusu kuchagua kwa kila ombi, kwa hiyo hulazimiki kufunga mfumo mzima kwenye namba moja.

Kuna jambo moja ambalo akidi haikupi, na wanaotoka kwenye hifadhidata za kawaida huliona kwa mshangao. Andiko likishindwa kufikisha W, halirudishwi nyuma. Bosi anabadili bei, seva moja inapokea, nyingine mbili hazipokei kwa wakati, anapata `WriteTimeoutException`. Ile moja bado ina 65,000. Msomaji anayefuata akiangukia zile mbili nyingine ataona 62,000. Akija mwingine ambaye akidi yake ina ile seva moja, ataona 65,000, na Cassandra itaisahihisha seva aliyoisoma nayo kabla ya kumjibu. Tangu hapo bei mpya imekaa kwenye akidi. Kwa hiyo ukiona bei "iliyokataa" imejitokeza yenyewe dakika kadhaa baadaye, usitafute mdukuzi, tafuta `WriteTimeoutException` kwenye logi za programu. Kwa bei dawa ni kurudia andiko lilelile hadi likubaliwe. Kwa kupunguza idadi ya madumu ghalani usirudie hivyo, utapunguza mara mbili.

Seva ya nne alishaiagiza, kwa hiyo tutaiweka Tabora bila kugusa N. Idadi ya mashine si idadi ya nakala: `'tabora': 1` inabaki ilivyo, na rekodi za Tabora zitagawanywa kati ya mashine mbili badala ya kubebwa na moja. Akitaka uvumilivu zaidi, tutakwenda nakala tano, mbili Kigoma, mbili Tabora na moja Dodoma, lakini kwanza nataka nijue njia ya mtandao wake kutoka Kigoma kwenda Dodoma haipiti kwenye mkongo uleule wa Tabora. Ikipita huko, siku ukikatika Kigoma itabaki na mbili kati ya tano, na duka kuu ndilo litakalofungwa.