Kupatana bei hakuletwi na kanuni

Nimeletewa tena rasimu ya mchezo wa soko: kadi zimechorwa vizuri, ubao una vibanda, na kanuni inasema "wachezaji wanaruhusiwa kupatana bei". Mbunifu anashangaa mbona kwenye majaribio hakuna aliyepatana na mtu. Jamani, ruhusa haitoshi. Watu hupatana pale tu kitu kimoja kinapokuwa na thamani tofauti kwa wawili.

Katika rasimu hiyo kila chungu kinauzwa benki kwa sarafu 3, na mwenye sarafu nyingi mwishoni ndiye mshindi. Sasa nani atamuuzia mwenzake kwa 2, na nani atanunua kwa 4? Wanabaki na 3, bei ambayo haimfaidi yeyote, kwa hiyo wananyamaza na kwenda benki.

Tuongeze kadi za oda, kila mtu aishike yake kwa siri. Yangu inasema: vyungu viwili, sarafu 11. Ninacho kimoja, ambacho peke yake ni sarafu 3 tu. Cha pili kitanifikisha 11, maana yake kwangu kina thamani ya 8. Kwako bado ni 3. Kati ya 3 na 8 pana nafasi ya maneno, na kwa kuwa hujui oda yangu, hujui nitafika wapi. Hapo ndipo mezani panapochangamka bila kanuni yoyote ya kuwahimiza watu waongee. Ukiibandika oda wazi, utaona mara moja: mauziano yanaendelea, ila watu wanapiga hesabu badala ya kubembelezana.

Bidhaa zinazooza husukuma upande wa pili. Mboga isiyouzwa mwisho wa raundi hutupwa. Ukiruhusu kuuza benki katika zamu ya mtu mwenyewe tu, na zamu yake ikapita, mboga hiyo haina thamani tena kwake, na hata sarafu 1 ataipokea.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuandika kwenye boksi "wachezaji 2 hadi 5". Wawili hawapatani! Rudi kwenye chungu chetu. Nikinunua kwa 5, wewe umepata faida ya 2, mimi 3. Nimekupita, kwa hiyo ukatae. Kwa 6, wewe 3, mimi 2; nikatae mimi. Bei inayotufaa sote haipo, kwa sababu faida yako ni hasara yangu. Akikaa mtu wa tatu, bei zote mbili zinafaa: sisi tunasonga mbele, yeye anabaki. Andika "3 hadi 5" na uishie hapo.

Kinachonisumbua bado ni wachezaji wapole. Kipima muda cha nusu dakika huzuia mazungumzo yasiyokwisha, lakini nina wasiwasi kwamba humfaidi mwenye sauti kubwa. Nimejaribu pia kila mtu afiche bei yake kiganjani, kisha wafungue pamoja. Mpole anapumua, ila kubembelezana kunakufa. Sijapata njia inayowatosha wote.