Mhesabie mapigo akiwa usingizini

Mwezi wa Februari mama mmoja wa Langoni, Lamu, alinijia akilalamikia joto. Ana miaka 38, na kazi yake ni kushona kofia. "Daktari, nikiweka kichwa kwenye mto tu, moyo huanza kwenda mbio," aliniambia. "Nausikia mpaka masikioni. Na mchana nimechoka kama niliyeshinda kinuni." Nilimpima presha, nikamwambia apunguze kahawa tungu, alale darini penye upepo, nikamwandikia dawa ya usingizi ya wiki mbili. Nilikosea. Februari kila mtu Lamu hulala vibaya, nami nikayachukua malalamiko yake kuwa ni ya kila mtu.

Alirudi Mei, safari hii na mumewe. Kusi ilikuwa imeingia na mvua ya masika inanyesha. "Sisi watu wa nyumbani twajifunika shuka," mume alisema, "yeye bado ataka pangaboi limwelekee." Neno hilo ndilo lililonizindua. Hali ya hewa ilikuwa imebadilika, lakini joto lake halikubadilika.

Mama akatoa kofia mkobani akaniwekea mezani. Upande mmoja vitobo vilikuwa vidogo, vimejipanga safi, na upande wa pili uzi umekwenda ovyo. Upande huo wa pili alikuwa ameushona tangu Aprili. Nikamwambia anyooshe mikono mbele, viganja chini, nikamlazia karatasi nyepesi juu ya vidole. Pembe za karatasi zilitetemeka mfululizo, mtetemeko mdogo ambao ningeutazama mkono mtupu nisingeuona. Viganja vyake vilikuwa vya moto na vimelowa jasho. Mwenye hofu naye hutoka jasho la mikono, lakini mara nyingi viganja vyake huwa baridi. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 64 hadi 57, ilhali anakula kuliko zamani. Nilipomuuliza kuhusu ngazi za nyumbani, alisema hupanda akishika ukuta, na akikaa mkekani hawezi kuinuka bila kujisukuma kwa mikono.

Sikumpa dawa siku hiyo. Nilimpa mume kazi. Asubiri mkewe alale, saa moja au mbili zipite, kisha amwekee vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Asitumie gumba lake mwenyewe, maana lina mpigo wake na litamchanganya. Ahesabu dakika nzima akitazama saa, asihesabu robo dakika akazidisha mara nne, na aangalie kama mapigo yanafuatana sawasawa au yanarukaruka. Afanye hivyo usiku tatu.

Sababu ya kuhesabu usingizini ni hii. Mtu mwenye wasiwasi moyo humwenda mbio akiwa macho, na humwenda mbio zaidi akimwona daktari. Akishalala kweli, wasiwasi nao hulala, na mapigo hushuka. Watu wazima wengi wakilala huwa kati ya 50 na 70 kwa dakika. Lakini moyo unaosukumwa na tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni chini ya dundumio, haupumziki mwenyewe akilala. Homoni ya tezi ikizidi, seli zote huchoma chakula kwa kasi na kutoa joto, na moyo huwa mwepesi kuitikia adrenalini hata ile kidogo ya kawaida. Usiku mwili unakuwa kama boti iliyofungwa gatini huku mashine inanguruma. Ndiyo maana mchana mtu huwa hoi: usingizi haukumpumzisha, na misuli, hasa ya mapaja, imeliwa.

Mume alirudi na karatasi. Saa nane usiku, usiku tatu: 98, 102, 96. Mapigo yalifuatana vizuri, na hilo lilinifariji, kwa sababu thairoidi ikizidi muda mrefu moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio, na hapo damu huweza kuganda ndani yake na kuleta kiharusi. Mapigo ya juu ya 90 kwa aliyelala, asiye na homa, yanataka kupimwa damu. Hayathibitishi thairoidi, maana upungufu wa damu nao huyapandisha, kwa hiyo nilipima vyote viwili.

Kabla ya kumtoa damu nilimuuliza kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini, ambayo kwenye baadhi ya mashine huonyesha ugonjwa wa thairoidi usiokuwepo. Anayevimeza aviache siku mbili kwanza. Yeye hakuwa akivitumia. Sampuli ilivuka Mokowe, ikaenda Mombasa, na majibu yakaja: damu ya kutosha, TSH chini ya 0.01 ambapo kawaida ni kama 0.4 hadi 4, na FT4, homoni ya tezi yenyewe, 46, mpaka wa juu ukiwa 22. TSH ni amri ya ubongo kwa tezi kwamba ifanye kazi. Hapo ubongo ulikuwa umenyamaza kabisa, na tezi inaendelea yenyewe. Kipimo cha kingamwili kilionyesha kwamba kinga yake mwenyewe ndiyo inayoichochea.

Baada ya kuhakikisha hana pumu wala mimba, nilimwanzishia propranololi miligramu 20 mara tatu kwa siku, na kabimazoli miligramu 30 kwa siku. Propranololi hutuliza moyo upesi, na usiku wa nne alilala mpaka adhana ya alfajiri. Kabimazoli huzuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini haiigusi iliyokwisha kutengenezwa, ambayo huchukua wiki kadhaa kuisha. Wengi huitupa kabimazoli wiki ya pili wakidhani haifanyi kazi.

Wiki ya tano alinipigia simu Ijumaa jioni, koo linamuuma na ana homa. Nilimwambia asimeze kabimazoli hata kidonge kimoja mpaka tupime seli nyeupe usiku huohuo. Wachache wanaoitumia hupungukiwa na seli hizo ghafla, na homa pamoja na koo kuuma ndiyo dalili ya kwanza. Zake zilikuwa sawa, mafua tu, akaendelea na dawa.

Wiki ya sita FT4 ilikuwa 20, TSH bado chini ya 0.01. Mtu wa maabara alimwambia dawa imeshindwa, aongeze. Haikushindwa. TSH inaweza kubaki chini kwa miezi baada ya homoni kurudi kawaida, na kuongeza dawa kwa kuifuata kungemtupa upande wa pili, wa tezi iliyolala. Huko nako usingizi huharibika, ila kwa sura nyingine: mtu hulala muda wa saa kumi akaamka mzito, anakoroma, mapigo ni ya polepole, na anasikia baridi Lamu hii hii. Kwa hiyo dozi niliipunguza, miligramu 20.

Sasa yuko mwezi wa tisa, anameza miligramu 5. Nitamwachisha baada ya miezi 12 hadi 18, na takriban nusu ya wanaoachishwa hurudiwa. Kwa hiyo mume hajaacha kuhesabu. Kila mwanzo wa mwezi huhesabu usiku mmoja na kuandika kwenye daftari la duka. Mara ya mwisho ilikuwa 66.