Upenyevu: kwa nini kisima kimoja kinajaa usiku na kingine kinakaa siku tatu

Baba mdogo anaishi Usangu, wilaya ya Mbarali. Ukisimama uani kwake ukatazama kusini unaona milima ya Kipengere imesimama kama ukuta. Ukigeuka kaskazini ni tambarare tupu, mashamba ya mpunga na udongo mweusi wa mbuga hadi macho yachoke. Ana kisima cha karavati, kina mita 9. Rafiki yake anayekaa kilomita mbili juu zaidi, jirani na barabara kuu ya kwenda Iringa, naye ana cha mita 9. Maji waliyakuta karibu kina kimoja. Lakini kwa rafiki yake wanateka asubuhi ndoo kwa ndoo, na mchana kisima kiko vilevile. Kwa baba mdogo, ukimaliza maji ya leo, unasubiri mpaka keshokutwa.

Wenyeji wanasema rafiki yake "kapata mshipa". Ni neno zuri ila linapotosha, kwa sababu linatufanya tuwaze kamto kanakokimbia chini ya ardhi. Kwenye udongo wa tambarare kama hii hakuna kamto. Kuna punje, na katikati ya punje kuna vipenyo, na maji yanajipenyeza humo polepole kuliko watu wengi wanavyodhani. Wepesi wa udongo kuruhusu maji yapite kwenye vipenyo hivyo ndio upenyevu.

Watu huuchanganya na kitu kingine, yaani kiasi cha maji ambacho udongo unaweza kubeba. Hapo ndipo mfinyanzi unapowadanganya wengi. Udongo wa mfinyanzi ulioloa unaweza kuwa na nafasi za maji nusu ya ujazo wake mzima, wakati mchanga una karibu theluthi tu. Kwa hesabu ya ghala, mfinyanzi ni tajiri. Ila ni tajiri bahili, maji anayo na hayatoi.

Chukua debe la mahindi ya punje na debe la unga wa mahindi hayohayo. Mimina jagi la maji juu ya kila moja. Kwenye punje maji yanafika chini kabla hujaweka jagi mezani. Kwenye unga yanatuama juu, yanatengeneza tope, na ukichimba na kijiko unakuta chini bado pakavu. Mahindi ni yaleyale, na nafasi zilizomo ndani ya debe hazikutofautiana sana. Kilichobadilika ni ukubwa wa kila kipenyo. Maji yakipita kwenye tundu dogo karibu yote yanagusa ukuta, na ukuta unayashika.

Adhabu ya kupungua kwa punje ni kali. Punje ikiwa ndogo mara 10, upenyevu haupungui mara 10, unapungua kama mara 100. Punje ya mchanga inaanzia milimita 2 kwenda chini hadi kama 0.06. Chini ya hapo ni mchangatope, lile vumbi laini ambalo mto ukifurika unaliacha juu ya majani. Likishuka chini ya milimita 0.002 tunaita mfinyanzi, na hapo punje si punje tena bali vigamba vyembamba vilivyolaliana. Ndiyo maana tofauti kati ya mchanga wa kadiri na mfinyanzi mzito si mara mbili au mara kumi. Inafika mara laki moja na kuzidi.

Tuihesabu kwa ndoo. Karavati la upana wa mita 1.2, pembeni limezibwa vizuri, maji yanaingia kwa chini tu. Umeteka mpaka maji yameshuka mita moja chini ya kiwango chake cha kawaida, na unaendelea kuteka kwa kasi inayoyashikilia hapohapo. Chini kukiwa na mchanga wa kadiri, kisima kinakupa kama lita 20 kila dakika, ndoo moja. Weka mchangatope mahali pa mchanga, bila kubadilisha kingine chochote, na ndoo hiyohiyo inachukua dakika 100. Weka mfinyanzi mzito usio na nyufa: ndoo moja kwa siku 70 hivi. Kina ni kilekile na maji ardhini yako palepale.

Anayekumbukwa kwa kuliweka jambo hili kwenye hesabu ni Henri Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa. Alipitisha maji kwenye bomba lililosimama lililojaa mchanga, akapima, na mwaka 1856 akachapisha alichokiona: maji yanayopita yanalingana na tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini, yanapungua kadiri njia inavyorefuka, na vyote hivyo unavizidisha kwa namba moja inayotegemea mchanga wenyewe. Namba hiyo ndiyo upenyevu.

Ile tofauti ya kimo ina maana yake kisimani. Maji yanaingia kwa sababu umeyashusha ndani, na nje yamebaki juu. Pengo hilo ndilo linaloyasukuma. Kadiri kisima kinavyojaa, pengo linapungua, na msukumo unalegea. Kisima cha mchanga cha vipimo vile tulivyotaja kinarudisha nusu ya pengo kwa dakika 40, kisha nusu ya kilichobaki kwa dakika 40 nyingine, kisha nusu ya hapo tena. Kwa hiyo anayesubiri kisima kijae kabisa ndipo ateke anapoteza muda kwenye sehemu iliyo ya uvivu kuliko zote. Kwenye kisima kizito ni bora kuteka kidogo kidogo mara nyingi, maji yabaki chini na yaendelee kusukumwa.

Tulikipima cha baba mdogo mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea. Vifaa vilikuwa kamba yenye fundo kila sentimita 10, jiwe, na simu ya kutazama saa. Jioni tukateka mpaka maji yakashuka mita moja, ambayo ni kama ndoo 56, tukazigawa kwa majirani, tukafunika kisima na kumwambia kila mtu asikiguse. Asubuhi, baada ya saa 12, yalikuwa yamepanda sentimita 12. Jioni yake 22. Nusu ya pengo ilifika siku ya tatu. Ukilinganisha na zile hesabu za ndoo, hiyo ni tabia ya mchangatope kabisa.

Fundi mmoja mzee alikuwa ameshasema hivyo bila kamba. Alichukua udongo wa chini ya kisima, akaulowesha, akaukanda akijaribu kuuvuta uwe utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikatika mapema. Mfinyanzi ungevutika na kung'aa. Kisha akaweka chembe kwenye meno ya mbele, akatafuna kidogo na kutema. "Unakwaruza," akasema. Mfinyanzi mtupu kwenye meno ni laini kama siagi. Mchangatope jicho halioni punje zake ila jino linazisikia. Mimi ningeshauri udongo huo uwe umetoka chini sana na si karibu na zizi.

Kwa nini sasa wawili hawa, kilomita mbili tu, wawe na ardhi tofauti hivyo? Jibu liko kwenye ule ukuta wa milima. Mito inayoshuka mlimani, kama Chimala na wenzake, inakuja na nguvu. Inapofika mguuni mwa mlima mteremko unakatika ghafla, mto unachoka, na unatua kwanza mizigo mizito: mawe, changarawe, mchanga wa chenga. Vitu vyepesi vinaendelea na safari. Mchangatope unatua mbele kidogo, na mfinyanzi unatua mwisho kabisa, kule ambako maji yanasimama kama ziwa wakati wa mvua. Rafiki wa baba mdogo amejenga pale mto ulipotua mawe, baba mdogo amejenga pale ulipotua unga.

Ila mito hiyo ilihamahama. Mwaka huu ilipita hapa, baada ya miaka mia ikapita pale, ikaacha ndimi za mchanga zilizofunikwa na tope la mafuriko ya baadaye. Hili litatufaa.

Ushauri alioupata baba mdogo kwanza ulikuwa kukipanua kisima. Karavati la mita 2.4 badala ya 1.2. Hesabu yake inashangaza kidogo: maji yanayoingia kwa siku yanaongezeka mara mbili, lakini shimo lenyewe linahitaji maji mara nne ili lipande kimo kilekile. Kwa hiyo kisima kipana kinapanda polepole mara mbili, na mwenyewe akichungulia anaapa kwamba kimeharibika. Hakijaharibika, ila hela iliyotumika ni nyingi kwa faida ile. Ushauri wa pili ulikuwa kushuka mita mbili zaidi ndani ya udongo uleule. Hapo unapata tangi kubwa zaidi na nafasi ya kushusha maji chini zaidi, basi. Udongo wenyewe hujaubadilisha.

Kuna kosa la tatu ambalo halimhusu yeye lakini nimelikuta mara nyingi: kuchimba mwezi wa nne. Mvua ikiwa imeisha juzi, maji ardhini yako juu, na udongo wa mbuga una njia za mizizi zilizobaki wazi huku na huko. Maji yanaingia shimoni, fundi anasema yamepatikana, anafunga kazi. Ikifika Oktoba maji yameshuka chini ya shimo. Nyufa za kiangazi nazo zisikudanganye kwamba mbuga inapenyeza: mvua za kwanza zinaingia kwa kasi, udongo unavimba, na baada ya wiki chache mlango umefungwa.

Mwishoni yule fundi mzee alishuka na kekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini, akatoboa katikati ya sakafu ya kisima badala ya kuchimba shimo lote. Mita ya kwanza ilileta mchangatope uleule. Ya pili mfinyanzi wa kijivu, unaong'aa kisawasawa, mtu yeyote angekata tamaa. Kwenye mita ya tatu na kidogo kekee ikaanza kukwaruza kwa sauti, ikatoka na mchanga mweupe wa chenga, na maji yakapanda kwenye tundu yenyewe bila kuvutwa, kwa kuwa ule mfinyanzi ulikuwa umeyabana chini. Wakateremsha bomba la plastiki lenye matundu membamba upande wa chini, wakaweka changarawe iliyooshwa kuzunguka bomba na juu ya sakafu, ili tope lisiinuke na kuziba.

Tulirudia kipimo kwa kamba ileile. Nusu ya pengo ilirudi kwa saa tatu na dakika kumi. Tundu lenyewe halizidi upana wa kikombe cha chai.