Mkengeuko wa risasi kwa upepo wa ubavuni

Katika uwanja wa Bisley, Uingereza, walenga shabaha hupiga hata kwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Kwa umbali huo risasi ya bunduki ya milimita 7.62 huwa hewani kwa takriban sekunde moja na nusu. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, risasi huhama upande unakoelekea upepo. Kuhama huko ndiko kunakoitwa mkengeuko, na hukadiriwa kwa kutazama bendera zilizopangwa kando ya uwanja.

Kwanza hutafutwa kasi. Tazama pembe kati ya bendera na mlingoti wake, kisha igawe kwa 4. Jibu ni maili kwa saa. Bendera iliyonyanyuka nyuzi 40 inaonyesha upepo wa maili 10. Kanuni hii ni ya bendera kavu. Ikilowa mvua huning'inia, ukadhani upepo ni mdogo kuliko ulivyo.

Halafu huangaliwa upepo unatoka wapi. Ufikirie uwanja kama uso wa saa, shabaha ikiwa kwenye namba 12. Upepo wa namba 3 au 9 huhesabiwa wote, wa namba 1 huhesabiwa nusu, na wa namba 12 hauhamishi risasi kando.

Kwa yadi 1,000 kanuni ya zamani husema: zidisha mamia ya yadi kwa kasi ya upepo, kisha gawa kwa 11. Jibu huja kwa dakika za pembe, na dakika moja hapo ni kama sentimita 27 kwenye shabaha. Upepo wetu wa maili 10 ukitoka namba 1, tunahesabu 5. Mara 10 ni 50, gawa kwa 11, unapata dakika 4 na nusu hivi, karibu mita 1.2. Kilengeo husogezwa kuelekea unakotoka upepo. Kigawo hicho hubadilika kwa umbali na aina ya risasi: kwa yadi 500 hutumika 15.

Wengi huogopa upepo mkali wa ubavuni, lakini mimi naona upepo unaovuma karibu sambamba na uwanja ndio msumbufu zaidi. Upepo wa maili 10 ukihama kutoka namba 3 hadi 2, mkengeuko hupungua kwa dakika moja na kidogo tu. Ukihama kutoka 12 hadi 1, umetoka sifuri hadi dakika 4 na nusu, na bendera imegeuka kwa kiasi kilekile. Ukiruka hadi namba 11, risasi inakwenda upande wa pili kabisa. Siku kama hizo ni afadhali kungoja bendera zitulie upande mmoja kabla ya kufyatua.

Bendera zikipingana, zile za karibu na mpigaji hupewa uzito zaidi, kwa kuwa risasi iliyopotoshwa mapema huendelea kupotoka njia yote iliyobaki.